Kusoma mchoro wa pande tatu: namna ya kuliona umbo kabla ya kugusa chuma

Wiki iliyopita kijana anayejifunza ufundi karakanani aliniletea mchoro wa kipande kidogo cha chuma. Vipimo vyote alikuwa anavijua kwa kichwa, ila nilipomuuliza kipande chenyewe kina umbo gani, alinyamaza. Tulikaa nacho mpaka akakiona. Naandika tulivyofanya kwa kutumia kipande kilekile, nawe chukua karatasi ukichore tunavyokwenda.

Mwonekano wa mbele: kina urefu wa milimita 80 na kimo cha 60. Mstari wa juu unaanzia kona ya kushoto, unakwenda milimita 20 tu, kisha unateremka kwa mshazari hadi kwenye kimo cha 20, mahali palipo milimita 50 kutoka kushoto. Kutoka hapo unakwenda sawa hadi mwisho wa kulia. Ndani ya kitako, milimita 60 kutoka kushoto, kuna mstari wa wima uliokatika-katika.

Mwonekano wa juu umechorwa chini ya ule wa mbele. Ni mstatili wa 80 kwa 50, una mistari miwili ya wima kwenye 20 na 50, na mwanya wa upana wa 20 ulioingia milimita 20 kutoka ukingo wa kulia. Mwanya hauko katikati: umeachwa 10 kutoka ukingo wa chini na 20 kutoka ule wa juu.

Mwonekano wa upande umewekwa kushoto kwa ule wa mbele. Upana ni 50 na kimo ni 60, na mstari wa mlalo umepita kwenye kimo cha 20. Chini ya mstari huo kuna vyumba vitatu, yaani sehemu zilizozungushiwa mistari, vyenye upana wa 10, 20 na 20, kuanzia kushoto. Mistari yote hapa imekamilika, hakuna uliokatika.

Hatua ya 1: Jua mchoro umepangwa kwa pembe gani

Hapa ndipo niliwahi kupoteza siku nzima ya kazi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kuna mipangilio miwili. Katika pembe ya kwanza, ambayo mafundi wengi tunaiita fasti engo, kinachoonekana kutoka juu huchorwa chini ya mwonekano wa mbele, na kinachoonekana kutoka kulia huchorwa kushoto. Katika pembe ya tatu kila mwonekano hukaa upande uleule unaotazamiwa: wa juu hukaa juu, wa kulia hukaa kulia.

Nilidhani tofauti hiyo ni ya mpangilio wa karatasi tu. Siku moja nilipewa kipande chenye mfereji uliokatiza urefu wote, ukiwa karibu zaidi na uso mmoja kuliko mwingine. Nilisoma mchoro wa pembe ya kwanza kana kwamba ni wa pembe ya tatu. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi hadi cha mwisho, lakini mfereji ulikaa nyuma badala ya mbele, na kipande kikatoka kama taswira ya kwenye kioo. Mwonekano wa upande haukunishtua, kwa sababu mfereji uliopita moja kwa moja huchorwa kwa mistari iliyokamilika, utazame kutoka kushoto au kutoka kulia.

Kanuni niliyobaki nayo ni hii: katika pembe ya kwanza, ukingo ulio mbali na mwonekano wa mbele ndio uso wa mbele wa kipande. Katika pembe ya tatu, ukingo ulio karibu nao ndio wa mbele. Hii inafanya kazi kwa mwonekano wa juu na wa upande pia. Kwa hiyo katika kipande chetu mwanya uko milimita 10 kutoka mbele. Ukiusoma kwa pembe ya tatu, utaukata 10 kutoka nyuma.

Alama ya pembe huwa ndani ya kisanduku cha maelezo: koni iliyokatwa ncha, na kando yake duara mbili, moja ndani ya nyingine. Upande mwembamba wa koni ukielekea kwenye duara, ni pembe ya tatu. Upande mpana ukielekea kwenye duara, ni pembe ya kwanza.

Alama isipokuwepo, uliza mistari iliyokatika, kwa maana hiyo huchora kilichofichika. Mwanya wetu umefunguka kulia. Mtu akitazama kutoka kushoto, ukuta mrefu wa milimita 60 unamziba, kwa hiyo mwanya na mstari wa kimo cha 20 vingechorwa kwa mistari iliyokatika. Sisi tunaiona imekamilika, basi mtazamaji yuko kulia. Mwonekano wa kulia uliowekwa kushoto ni pembe ya kwanza. Ila kumbuka mfereji wangu: kipande kikiwa na mistari iliyokamilika pande zote mbili, jaribio hili halikwambii kitu, na hapo muulize aliyechora kabla ya kuwasha mashine.

Hatua ya 2: Chora boksi

80 kwa 50 kwa 60, kwa mkono, bila rula.

Hatua ya 3: Ipe kila sura herufi

Nyuso mbili zilizo sawasawa kwenye bapa moja na kushikana haziwezi kutenganishwa na mstari. Kwa hiyo kila ukiona mstari kati ya vyumba viwili, jua kuna badiliko la kimo, la kina au la mwelekeo. Mwonekano wa juu una vyumba vitatu: A kushoto, B katikati, C kulia penye mwanya. Sasa shusha macho wima kutoka mwonekano wa mbele. A ni mstari wa mlalo kwenye kimo cha 60. C ni mstari wa mlalo kwenye kimo cha 20. B ni ule mshazari.

B ndio uliomsumbua kijana. Kutoka juu ni mstatili wa 30 kwa 50, na kutoka kulia ni mstatili wa 40 kwa 50, naye akauliza upi ni wa kweli. Hakuna. Uso ulioinama huonekana umefupishwa kila mahali isipokuwa ukiutazama kwa kuukabili. Urefu wake halisi uko kwenye ule mshazari wa mbele: umeshuka 40 na kwenda 30, kwa hiyo ni milimita 50. B ni mraba wa 50 kwa 50, na mraba huo haujachorwa popote kwenye karatasi.

Tena, ukifunika mwonekano wa mbele, mistatili hiyo miwili ingeweza pia kuwa uso uliobonyea kidogo. Tafuta kila mara mwonekano ambamo uso umegeuka kuwa mstari. Huo ndio unaoamua.

Hatua ya 4: Kata sabuni

Wengine watakwambia ufungue programu ya kompyuta. Mimi kwa anayeanza nachagua kipande cha sabuni na kisu, kwa nusu ya kipimo: 40 kwa 25 kwa 30. Programu inakuzungushia umbo wewe umekaa tu, sabuni inakulazimisha uamue kila mkato. Kata mteremko kwanza, mwanya mwisho, maana kitako kilichokwisha kutobolewa huvunjika kirahisi.

Kisha ishike usawa wa jicho, fumba jicho moja, na uilinganishe na kila mwonekano. Kijana alipoitazama kutoka kulia, aliona chumba cha kati kati ya vile vitatu kimerudi ndani, ingawa kwenye karatasi vyote vitatu vilionekana viko sawa. Akaenda mwenyewe kwenye mwonekano wa mbele, akaweka kidole juu ya ule mstari uliokatika kwenye 60.