Kutafuta momenti ya kani kwa zao mtambuka: spana kwenye nati

Spana ina mpini wa mita 0.30, umeinuka kutoka kwenye nati kuelekea kulia. Unausukuma chini wima kwa kani ya nyutoni 100. Ukizidisha 0.30 kwa 100 unapata 30, na jibu hilo si sahihi.

Hatua ya 1: Weka chanzo katikati ya nati. Mhimili wa x uelekee kulia, y juu, na z utoke kwenye nati kukujia. Vekta r huanza kwenye nati na kuishia pale mkono unaposhika. Ukiianzia mkononi, alama ya jibu inageuka.

```
r = (0.24, 0.18, 0) m
F = (0, -100, 0) N
```

Hatua ya 2: Gawa kani. Sehemu ya nyutoni 60 inafuata mpini na kuigandamiza nati tu, haiizungushi. Inayozungusha ni ile ya nyutoni 80 inayofanya pembe ya nyuzi 90 na mpini: 80 × 0.30 = 24. Hapo ndipo pembe inapoingia. Urefu nao unaingia kwa sababu nati ikizunguka kidogo, ncha ya mpini mrefu husafiri njia ndefu zaidi, kwa hiyo kani ileile hufanya kazi kubwa zaidi.

Waweza pia kuiacha kani nzima na kupima umbali kutoka kwenye nati hadi mstari ambamo kani inapita, ukiukuta mstari huo kwa nyuzi 90. Huo ndio mkono wa wenzo, na hapa ni mita 0.24: 0.24 × 100 = 24.

Hatua ya 3: Fanya zao mtambuka r × F, ambalo ndilo momenti τ.

```
τx = ry·Fz - rz·Fy = 0
τy = rz·Fx - rx·Fz = 0
τz = rx·Fy - ry·Fx = 0.24·(-100) - 0 = -24 N·m
```

Alama ya kutoa maana yake nati inazunguka kufuata saa, yaani nati ya kawaida inakazwa. Ukiandika F × r badala ya r × F utapata +24, na hesabu itakuambia unalegeza.

Hatua ya 4: Hakiki kwa pembe. Mpini uko nyuzi 37 hivi juu ya usawa. Wengi huchukua sin 37° wakapata 18. Pembe inayotakiwa ni iliyo kati ya r na F zikianzia nukta moja, nayo ni nyuzi 127. Sin yake ni 0.8, na 30 × 0.8 = 24.

Hatua ya 5: Mkono ukienda upande. Sasa tuseme unausukuma mpini huku ukiuvuta kwako kwa nyutoni 20, yaani Fz = 20. Unapata τx = 3.6 na τy = -4.8, lakini τz inabaki -24. Momenti nzima imefika karibu 24.7, ila nati haikazwi zaidi hata chembe: nyongeza yote inaipindua spana itoke kwenye nati, na spana ikiteleza ndipo kona za nati zinapolika. Kwa hiyo ukitaka kujua nati imekazwa kiasi gani, soma τz peke yake.