Kukopa pembejeo dukani na kulipa wakati wa mavuno: namna ya kuipima bei iliyofungwa kabla ya kutia saini

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza daftari la kikundi chetu cha wakulima wa mahindi hapa Handeni, na kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia, watu hunijia na swali lile lile wakiwa na karatasi mkononi. Mwenye duka la pembejeo amekubali kuwapa mbegu na mbolea bila fedha taslimu, watalipa Agosti baada ya kuvuna, na bei ya gunia imeshaandikwa tangu sasa. Je, watie saini? Mwongozo huu ni majibu ninayowapa, kwa mpangilio ninaoutumia mezani. Bei zote ni za mfano. Badala yake weka za duka na soko lako.

Nitafuata hesabu ya shangazi yangu, mwenye shamba la ekari mbili na kaya inayokula gunia tano za mahindi kwa mwaka.

Hatua ya 1: Pata bei ya taslimu kabla ya kutaja mkopo

Ingia dukani kama mtu anayenunua kwa fedha mkononi, uulize bei ya kila kitu, uiandike. Ukianza kwa kusema unataka kukopa, bei utakayotajiwa ndiyo yenye riba ndani yake, na hutaijua tena ile ya kweli. Kwa mbolea ya ruzuku, ambayo serikali iliianza msimu wa 2022/23, kuna bei elekezi na mkulima ana namba yake ya usajili. Itumie namba hiyo mwenyewe wala usiiache dukani, kwani mifuko ikishachukuliwa kwa jina lako ni kazi kubwa kuthibitisha kwamba hukuipokea.

Orodha ya shangazi ilikuwa hivi: mbegu chotara kilo 20, shilingi 140,000, mifuko miwili ya DAP ya kupandia, 150,000, mifuko miwili ya urea ya kukuzia, 140,000, na dawa ya kiwavijeshi, 30,000. Jumla ni shilingi 460,000.

Hatua ya 2: Geuza magunia yawe shilingi

Mwenye duka alimpa njia mbili. Ya kwanza, alipe shilingi 540,000 mwezi wa Agosti. Ya pili, alete gunia 12 za kilo 100, kila moja ikihesabiwa 45,000. Ukizidisha, 12 mara 45,000 ni 540,000 ile ile, na ndiyo maana watu wengi hudhani njia hizi mbili ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Njia ya kwanza ina gharama inayojulikana, yaani 80,000 juu ya 460,000, karibu asilimia 17 kwa miezi mitano. Njia ya pili gharama yake haijulikani mpaka siku ya mavuno, kwa sababu magunia ni yale yale 12 lakini thamani yake inafuata soko. Soko likiwa 45,000, umelipa sawa na njia ya kwanza. Likiwa 60,000, umetoa mali ya 720,000 kwa pembejeo za 460,000, yaani zaidi ya nusu ya mkopo imeongezeka juu yake. Kwa hiyo 45,000 ndiyo namba ya kuikumbuka: juu yake magunia yanakuumiza, chini yake yanakufaa.

Ili kujua namba hiyo iko upande gani, usiulize bei ya leo. Machi akiba za watu zimepungua na bei huwa juu. Agosti kila mtu ana mahindi na bei hushuka. Waulize watu watatu sokoni wanaopima mahindi kila siku, si madalali, gunia lilikuwa shilingi ngapi Agosti ya mwaka jana, ya mwaka juzi na ya mwaka uliotangulia. Kama katika miaka miwili kati ya hiyo mitatu bei ilikuwa juu ya ile uliyofungiwa, aliyekufungia alijua anachokifanya.

Hatua ya 3: Pitisha mkopo katika miaka mitatu

Hapa ndipo ninapokaa na mtu kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hatari kubwa haionekani ukitazama bei peke yake. Bei na mavuno huenda pamoja kwa kupishana: mvua ikikatika, wilaya nzima huvuna kidogo na bei hupanda, mvua ikikubali, kila ghala hujaa na bei huanguka. Kwa hiyo mwaka ambao gunia lina thamani kubwa kuliko kawaida ndio huo huo mwaka ambao wewe huna magunia.

Mwaka wa kawaida shangazi huvuna gunia 20, na tuseme soko ni 55,000. Akilipa kwa magunia, anatoa 12, anabaki na 8. Akilipa kwa shilingi, anauza karibu 10 kupata ile 540,000, anabaki na 10. Tofauti ipo, lakini nyumba inakula.

Mwaka wa neema anavuna gunia 26 na soko linaanguka hadi 35,000. Kwa magunia anatoa 12 zile zile na kubaki na 14. Kwa shilingi inambidi auze zaidi ya 15, anabaki na kama gunia kumi na nusu. Hapa bei iliyofungwa imemwokoa shilingi 120,000, na sitaki kulificha hilo. Ni manufaa ya kweli, mradi tu mnunuzi atokee kuchukua mahindi ambayo angeweza kuyapata sokoni kwa bei ya chini.

Mwaka mbaya anavuna gunia 9 na soko linapanda hadi 80,000. Kwa shilingi anauza gunia 7 kasoro, analipa deni lote, anabaki na gunia mbili na kidogo. Ni kidogo, lakini yuko huru. Kwa magunia anatoa yote 9 na bado anadaiwa 3, ambazo atazinunua kwa 240,000 au atazisukuma msimu ujao, huku nyumbani hakuna hata debe moja.

Ukiweka matokeo haya matatu kwenye mstari mmoja utaona kwamba deni la magunia linakufaa mwaka ambao tayari una chakula cha kutosha, na linakuangusha mwaka ambao huna. Mfanyabiashara mwenye ghala na fedha za akiba anaweza kucheza mchezo huo. Kaya inayokula kutoka shambani kwake, kwa maoni yangu, ikope kwa shilingi hata kama riba inayoonekana inachukiza kidogo. Anayejizuia na riba kwa sababu ya dini amwulize mwalimu wake kuhusu biashara ya salamu, yaani kulipwa leo kwa mazao utakayoyatoa baadaye, ambayo ina masharti yake.

Hatua ya 4: Punguza deni kwa kulikata vipande

Si lazima uchukue kila kitu Machi. Urea ya kukuzia huwekwa mahindi yakifika magotini, kama wiki nne baada ya kupanda, na kufikia hapo utakuwa umeshaona masika yamekuja vipi. Shangazi aliuza mbuzi mmoja akanunua mbegu kwa taslimu, akakopa DAP na dawa, akakubaliana na mwenye duka kwamba urea ataichukua katikati ya Aprili akiona inafaa. Mvua ingekatika mapema, asingeichukua, na deni lingebaki la DAP na dawa tu. Wenye maduka wengi hukubali, kwa kuwa nao hawapendi kumkopesha mtu ambaye shamba lake limeshakauka.

Hatua ya 5: Kama huna njia ila bei iliyofungwa

Wakati mwingine mwenye duka hataki shilingi, kwa sababu nyuma yake yuko mnunuzi anayetaka mzigo. Basi usifunge mavuno yote. Toa kwenye makadirio ya mwaka wa kawaida chakula cha nyumbani, kisha funga nusu tu ya kinachobaki. Kwa shangazi, 20 ukitoa 5 ni 15, kwa hiyo asifunge zaidi ya gunia 7. Halafu mambo haya yaandikwe, si kusemwa:

"Gunia maana yake ni kilo 100 kwa mizani, mahindi yaliyokauka. Upungufu wowote wa magunia utalipwa kwa shilingi 45,000 kwa kila gunia, si kwa bei ya soko. Mnunuzi asipochukua mzigo ndani ya siku 14 baada ya kuarifiwa, mkulima ataruhusiwa kuuza kwingine na kulipa deni kwa shilingi."

Sentensi ya pili ndiyo inayokulinda mwaka wa ukame, na ndiyo mwenye duka atakayoikataa kwanza. Isimamie. Ya tatu niliijua thamani yake kwa kuikosa: mwaka mmoja nilifunga gunia 10, soko likaanguka, na mnunuzi akaanza kuniambia gari limeharibika, kisha mahindi ni mabichi, kisha atakuja wiki ijayo. Mahindi yalikaa uani wiki tano na fukusi wakaingia, nami mkataba ulikuwa unanizuia kuuza. Kufunga bei kulinifunga mimi peke yangu.

Nakala ziwe mbili, zisainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji.

Hatua ya 6: Siku ya kupima

Neno "gunia" bila kilo ni mlango wa lumbesa. Gunia 12 zilizoshonewa kilemba na kufika kilo 120 ni kilo 1,440, yaani umelipa gunia mbili na zaidi ambazo hazikuandikwa popote. Pima kwa mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, na kabla ya kuanza, panda juu yake wewe mwenyewe halafu mtu mwingine anayejua uzito wake, uone inasemaje.

Ubishi wa unyevu umalize nyumbani kabla gari halijafika. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, uiache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yaanike tena. Ikishuka yote chini, una hoja ya kumjibu anayetaka kukukata kilo kwa sababu ya maji.

Kila gunia likishuka kwenye mizani, andika kilo zake katika mstari wake, na mnunuzi aandike wake. Mstari wa mwisho ukilingana, mwambie mwenye duka aandike "deni limekwisha" kwenye nakala zote mbili, pamoja na tarehe, kabla magunia hayajapandishwa garini.