Namna ya kutambua ujumbe wa ulaghai wa almasi za bure za Free Fire

Vijana wanaoniletea simu zao dukani ili niwasaidie kurejesha akaunti zilizoibwa husema karibu wote neno moja, kwamba ukurasa waliojazia ulifanana kabisa na ule wa kweli. Nawaamini, kwa sababu hata ukurasa halisi wa kuchukulia zawadi wa Garena, kampuni yenye mchezo wa Free Fire, yaani reward.ff.garena.com, humtaka mchezaji aingie kwa Facebook au kwa akaunti nyingine aliyoiunganisha na mchezo. Kuombwa kuingia, basi, si dalili ya kutosha. La kuangalia ni mahali ambapo nenosiri linaandikwa.

Tuchukue ujumbe wa aina inayosambaa katika makundi ya WhatsApp. Mwisho wa anwani nimeubadilisha ili usifunguke.

```
HONGERA! Garena inatoa almasi 5,000 BURE leo tu.
Zimebaki nafasi 37. Weka UID yako hapa:
https://reward.ff.garena.com.zawadi-almasi.example/dai
```

Hatua ya 1: Pima ahadi yenyewe. Hesabu ya almasi zako haikai ndani ya simu, bali katika seva za Garena, na simu huionyesha tu. Hakuna ukurasa wa mtu wa nje unaoweza kuiongeza bila idhini ya Garena. Garena hutoa kodi za zawadi kweli, lakini kodi hizo ni herufi kubwa na tarakimu, 12 au 16 kwa jumla, na zawadi yake hufikia ndani ya mchezo. Ujumbe huu hauna kodi yoyote. Una kiungo na haraka.

Hatua ya 2: Soma anwani kabla ya kuifungua. Bonyeza kiungo na kukishikilia, kinakili, kisha kibandike mahali pa kuandikia maandishi ya kawaida. Ruka https://, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, yaani alama ya /, halafu soma kurudi kushoto. Jina la mwenye tovuti ni lile linalogusana na mkwaju huo, yaani zawadi-almasi.example. Maneno reward.ff.garena.com yaliyotangulia ni pambo, kwa sababu mwenye tovuti anaweza kuandika chochote mbele ya jina lake. Angalia pia kistari: garena-zawadi.com si mali ya garena.com, kwa kuwa kistari hakitenganishi majina kama nukta inavyofanya. Alama ya kufuli haikusaidii hapa. Hueleza tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na tapeli naye huipata bila gharama.

Hatua ya 3: Usishawishike ukiona jina lako. Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Unaweka UID, yaani namba yako ya utambulisho mchezoni, na baada ya sekunde chache ukurasa unaonyesha jina lako la mchezoni, nawe unadhani umeunganishwa na Garena. UID si siri. Mchezaji yeyote anayefungua wasifu wako huiona pamoja na jina lako. Ukurasa umekuonyesha jambo ambalo liko wazi kwa kila mtu.

Hatua ya 4: Chunguza dirisha la kuingilia. Baada ya jina huja kitufe cha "thibitisha kuwa wewe ni binadamu", kisha dirisha la buluu la Facebook. Dirisha hilo linaweza kuwa limechorwa ndani ya ukurasa uleule, hata likawa na anwani ya facebook.com iliyochorwa juu yake. Acha kuliangalia, upandishe macho hadi kwenye anwani ya kivinjari chenyewe, uiguse ili ionekane yote, na uisome kama katika hatua ya 2. Ikiwa jina lililo kabla ya mkwaju wa kwanza si facebook.com, funga. Ukiwa umehifadhi nenosiri katika simu na safari hii simu haikupendekeza kulijaza, hiyo ni dalili nyingine nzito, kwani simu hulinganisha anwani na wala haitazami sura ya ukurasa. Tafadhali usijaribu ukurasa kwa nenosiri la uongo: ukurasa mwingine wa ulaghai hulijaribu papo hapo kwenye Facebook halisi na kukurudishia kosa, nawe ukaamini kuwa ni wa kweli. Kodi ya uthibitisho inayokuja kwa SMS nayo huombwa kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya 5: Ikiwa umeshaandika nenosiri. Fungua programu ya Facebook yenyewe, wala si kupitia kiungo kile, ubadilishe nenosiri. Kisha ondoa vifaa vyote usivyovitambua katika orodha ya mahali ulipoingia. Watu wengi huishia hapo, na wiki moja baadaye akaunti inapotea tena, kwa sababu tapeli alikwisha kuongeza barua pepe au namba yake ya simu. Zifute, ndipo uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Wajulishe pia ndugu na marafiki siku hiyohiyo, maana akaunti iliyoibwa huweza kutumika kuwaomba pesa kwa jina lako kabla hata almasi zako hazijaguswa.