Jodari wa kopo: usilinganishe bei kwa namba kubwa

Asalaam alaykum wanakikundi. Juzi katika mahesabu ya sambusa za jodari palizuka ubishi wa makopo mawili, lipi rahisi. Basi tulimalize hapa, maana jawabu limeandikwa kwenye lebo zenyewe.

Hatua ya kwanza: tafuta namba mbili, si moja. Uzito wa neti ni wa kila kilichomo ndani ya kopo: samaki na mafuta yake, maharage na maji yake. Bati tu ndilo halihesabiwi. Uzito baada ya kuchuja ni wa kile kinachobaki ukishamwaga majimaji. Makopo mengi huandika N.W. kwa wa kwanza na D.W. kwa wa pili. Wa neti huwekwa mbele kwa maandishi ya kujionesha, mwenziwe kajibanza nyuma karibu na viambato. Lizungushe kopo mpaka umwone. Ukichanganyikiwa, namba kubwa ndiyo neti.

Hatua ya pili: chukua bei, gawa kwa uzito baada ya kuchuja, kisha zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo bei ya gramu 100 za samaki mwenyewe. Tufanye mfano. Kopo la kwanza ni shilingi 4,500, neti gramu 185, ukichuja 130. La pili ni shilingi 4,000, neti gramu 170, ukichuja 102. Ukienda kwa neti, la kwanza linatoka kama shilingi 2,430 kwa gramu 100 na la pili kama 2,350, kwa hiyo utabeba la pili. Sasa hesabu samaki peke yake: la kwanza ni kama 3,460, la pili kama 3,920. Hilo la bei ndogo ndilo ghali, na jikoni utaligundua kwa vile sambusa hazitafika idadi uliyoipanga.

Hatua ya tatu ni ya mwenye mizani ya jikoni. Pima bakuli tupu. Mimina kopo lote kwenye chujio, tandaza samaki, inamisha chujio kidogo, uliache dakika mbili. Hiyo dakika mbili sikuitunga, ndiyo inayotumika kwenye vipimo vya Kodeksi, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula. Kisha hamishia samaki kwenye bakuli, pima, toa uzito wa bakuli. Usimkamue kwa kijiko! Ukimkamua utapata pungufu ya lebo na utamgombeza muuza duka bure.

Kwa mboga na maharage hesabu ni ile ile. Kopo la maharage la gramu 400 kwa kawaida huwa na kama 240 za maharage. Mahindi matamu ya gramu 340 mengi yana 285, kwa sababu hupakiwa na maji kidogo.

MASWALI

*Bi Mkubwa, maji yote hayo ndani ya maharage si wizi?*

Si wizi mwanangu, maadamu yameandikwa. Kopo hupikwa likiwa limeshafungwa, na maji ndiyo yanayofikisha moto katikati ili chakula kisiharibike. Wizi ni pale namba ya pili inaposema 240 na ndani hazimo.

*Nimepima nikapata 124 badala ya 130. Nilirudishe?*

Kopo moja halitoshi kuhukumu. Kiwandani hutazamwa wastani wa makopo mengi, moja huzidi na jingine hupungua kidogo. Pima mengine mawili matatu ya toleo lile lile. Namba ya toleo imepigwa kwenye kifuniko au kitako. Yote yakipungua vile vile, hapo una hoja. Chukua makopo na risiti urudi dukani.

*Maharage ya sosi ya tomato yana namba moja tu. Wamesahau?*

Hawakusahau. Kanuni ya Kodeksi inadai uzito baada ya kuchuja kwa vilivyo ndani ya maji, maji ya chumvi au ya sukari, siki, na juisi kwa matunda na mboga. Sosi huhesabiwa ni sehemu ya chakula. Kwa hiyo usiyalinganishe na maharage ya maji kwa bei ya gramu. Tazama kwenye viambato: maharage yakiandikiwa asilimia, hiyo ndiyo itakayokuonesha yamo kiasi gani.

*Kopo langu limetoka Dubai, lebo Kiarabu kitupu. Ipi ni ipi?*

Ukiona "wazni safi", hiyo ni neti. Penye "baada ya tasfia" au "musaffa" ndipo penye uzito wa kuchuja.

*Na mafuta ya jodari nikiyatumia kukaangia vitunguu, bado niyatoe kwenye hesabu?*

Ukiyatumia, si hasara, bibie. Lakini kwa kulinganisha bei yatoe, kwa kuwa hukwenda dukani kununua mafuta kwa bei ya jodari.