Kabla hujagusa spani: mambo ya kuzingatia ukienda kupima linieriti, histeresisi na kripu kwenye mizani ya malori

Kalibresheni nyingi za mizani ya malori huharibika kabla hata jiwe la kwanza halijapanda juu ya deki, kwa sababu mtu anafika, anaweka mawe, anaona mizani inasoma pungufu kilo kumi na kitu, moja kwa moja anaingia kwenye menyu ya indiketa anarekebisha spani, yaani ukubwa wa namba ambayo mizani inatoa mzigo ukiwa juu, kazi imeisha. Shida ni kwamba kosa la spani, mstari uliopinda (linieriti), tofauti ya kupanda na kushuka (histeresisi) na usomaji unaosogea huku mzigo umetulia tu (kripu), vyote vinne vikija kwenye skrini vinafanana, ni namba tu imekosea. Kinachovitenganisha ni mzigo ulikuwa unaongezeka au unapungua, na ulikaa juu kwa muda gani. Kama hukujiandaa kurekodi hivyo viwili, hata ukipiga hesabu usiku kucha hutajua ulichokuwa unakiona.

Nitachukua mizani ya tani 60, lodiseli sita, yaani seli zinazohisi uzito chini ya deki, kipimo cha e, yaani hatua moja ya namba za mizani, ni kilo 20, maana ni saizi utakayokutana nayo sana. Kwa OIML R76, mwongozo wa kimataifa wa mizani, daraja la III, kosa linaloruhusiwa kwenye uhakiki wa kwanza ni kilo 10 mpaka tani 10, kilo 20 mpaka tani 40, na kilo 30 kuanzia hapo hadi tani 60. Mizani ambayo iko kazini tayari inapewa mara mbili ya hapo. Sasa angalia, indiketa inaruka kwa kilo 20, na wewe unatafuta kosa la kilo 10, kwa hiyo kitu cha kwanza cha kubeba ni mawe madogo ya kilo 2, kumi hivi. Unayaongeza moja moja taratibu mpaka namba iruke, afu unatumia hii:

```
E = I + 0.5e - dL - L
```

I ni namba uliyoisoma kabla haijaruka, dL ni jumla ya mawe madogo uliyoongeza, L ni mzigo wenyewe. Kama indiketa yako ina modi ya usomaji mdogo zaidi, itakayokuonyesha kilo 2 au hata 4, tumia hiyo, utaokoa muda mwingi. Ila hakikisha umeirudisha kawaida kabla hujaondoka.

Pili, na hapa ndo wengi wanaanguka, ni ile zero inayojifuata yenyewe, zero treking. Ikiwa imewashwa, mizani ikirudi kutoka kwenye mzigo na mabaki madogo, indiketa inayala taratibu na wewe unaona 0 safi kabisa, kumbe ushahidi wote wa histeresisi na kripu umefutwa mbele ya macho yako. Izime. Kama huna paswedi ya kuizima, weka kilo 200 (yaani 10e) pembeni mwa deki na uziache hapo mwanzo mpaka mwisho wa kazi, namba 200 ndo inakuwa zero yako. Mimi naziweka hata kama nimeizima, maana pia zinakusaidia kuona kosa la upande wa hasi bila kuhangaika na alama ya kutoa.

Tatu ni mzigo wenyewe. Mawe ya tani 60 hakuna anayeyabeba kirahisi, kwa hiyo utabadilishana na mzigo mwingine, mara nyingi lori lenye shehena. R76 inataka mawe halisi yafike nusu ya uwezo wa mizani, ila ukipima mzigo uleule mara tatu na tofauti isizidi 0.3e, hapa ni kilo 6, unaruhusiwa kushuka mpaka theluthi moja, yaani tani 20. Fanya jaribio hilo kwanza, usidhani tu. Na hilo lori la kubadilishana lisiwe na kitu kinachopungua uzito: injini izimwe (dizeli inayoungua ni kilo zinazopotea), dereva ashuke, shehena isiwe mchanga unaodondosha maji. Nimeona watu wanalalamikia kripu kumbe ni maji yanachuruzika kutoka kwenye bodi ya lori.

Kabla ya kuanza washa mizani ikae angalau nusu saa, iache tupu huku zero treking imezimwa, na andika usomaji kila baada ya dakika tano hivi. Hii watu wanairuka ila mimi siiruki. Zero ikizurura yenyewe wakati hakuna kitu juu, una unyevu kwenye jankshen boksi, pale nyaya za seli zinapokutana, au kwenye waya au kwenye seli, au jua linapasha deki upande mmoja, na kupima kripu siku hiyo ni kupoteza muda kwa sababu hutaweza kutofautisha. Kripu ya kweli ina tabia yake, inasogea zaidi dakika za mwanzo afu inapoa, na ukitoa mzigo inarudi taratibu njia ileile. Unyevu hauna adabu hiyo, unaenda popote. Afu pitisha lori zito mara mbili tatu kulegeza kila kitu, kagua kona zote zinasoma sawa (kama kona hazijakaa sawa, linieriti utakayoipata itategemea tu uliweka mawe wapi), ndo uanze.

Karatasi yako iwe na safu ya saa. Sio tarehe, saa na dakika, kwenye kila mstari. Jitahidi kushuka kwa mwendo uleule uliopanda nao, maana ukipanda kwa dakika 40 afu mkaenda kula huku tani 60 ziko juu, ukishuka kila usomaji utakuwa umebeba kripu ya mapumziko na wewe utaiita histeresisi.

Sasa chukua mfano huu wa mizani hiyohiyo. Mawe tani 20, malori mawili ya kubadilishana. Unapandisha tani 20 za mawe, unapata kosa, unayatoa yote, unaweka lori na kuongeza uzito mpaka namba iruke palepale ilipokuwa inaruka kwa mawe, afu unarudisha mawe juu yake unakuwa na tani 40, vivyo hivyo mpaka 60. Kushuka ni kinyume chake, unatoa mawe unasoma, unayarudisha, unatoa lori mpaka namba iruke sehemu ileile. Kupanda makosa yakawa hasi 6 kwenye tani 20, hasi 10 kwenye 40, hasi 16 kwenye 60. Kushuka ikawa chanya 2 kwenye 40, chanya 8 kwenye 20, na mwisho zero (zile kilo 200) ikasoma 220, ikaruka baada ya mawe nane ya kilo 2, piga hesabu, 220 + 10 - 16 ni 214, yaani imebaki na kilo 14.

Ukiangalia makosa ya mizigo peke yake, yote yako ndani ya kiwango, mizani imefaulu. Ukiangalia kupanda peke yake unaona mstari karibu umenyooka unaoteremka, mkono unawasha kuongeza spani kilo 16. Ila zero inatakiwa irudi ndani ya 0.5e, kilo 10, na hii imekataa. Na ukitoa namba za kupanda kwenye za kushuka unapata 12, 14, 14. Hapo ndo kwenye siri yote. Histeresisi ya chuma cha lodiseli inakuwa pana katikati na inajifunga ikikaribia zero, lakini hii haijifungi, inabaki wazi kwa upana uleule hadi chini. Hiyo ni alama ya msuguano, kuna kitu kinaishikilia deki: ikipanda inasaidiwa kubeba kwa hiyo inasoma pungufu, ikishuka inazuiwa kuinuka kwa hiyo inasoma zaidi.

Bado inaweza kuwa kripu, ndo maana hukimbilii spana. Subiri dakika 20 na usiguse kitu. Kama kilo 14 zinapungua zenyewe, ni kripu. Hapa hazikupungua. Afu pitisha lori tupu taratibu kwenda na kurudi, lisifunge breki kali, kisha soma tena kwa mawe madogo, ikawa 202. Deki imejiachia. Ukipiga tochi kwenye nafasi kati ya deki na ukuta wa zege upande wa kushukia utakuta kokoto imebanwa, au nati ya stei rodi, fimbo inayozuia deki isiyumbe, imekazwa mpaka haichezi. Hapa ilikuwa kokoto. Baada ya kuitoa na kurudia kila kitu toka mwanzo, kupanda kukawa hasi 2, hasi 4, hasi 6, na zero ikarudi ndani ya kilo 2. Kama mtu angeongeza zile kilo 16 za spani, kokoto ikija kutoka yenyewe mizani ingekuwa inazidisha kilo 10 kwa kila lori la tani 60, na hakuna ambaye angejua kwa nini.

Kwenye linieriti angalia umbo kuliko ukubwa wa kosa. Chora mstari kutoka zero mpaka tani 60 uone katikati imetoka kiasi gani. Mpindo laini ni wa seli zenyewe, na ule unaweza kurekebishwa kwa nukta za ziada za kalibresheni kama indiketa inazo. Lakini kama mstari umenyooka vizuri mpaka tani 40 afu ghafla unavunjika kwenda hasi, hiyo ni deki inayoinama na kugusa kitu ikifikia uzito fulani, bolti, zege, tope lililokauka chini. Hiyo usiinyooshe kwa nukta za indiketa hata mteja akikusihi, kwa sababu tope likitolewa kesho mizani itakuwa inadanganya.

Kripu ifanye mwisho au siku nyingine kabisa, ukiwa na mzigo karibu na tani 60. Soma mara tu inapotulia, afu dakika ya 5, 15 na 30. Ndani ya nusu saa isisogee zaidi ya 0.5e, kilo 10, na kati ya dakika ya 15 na ya 30 isizidi 0.2e, kilo 4. Ikizidi bado haijafeli, unaruhusiwa kuendelea mpaka zitimie saa nne tangu mzigo upande, na usogeaji wote usizidi kosa linaloruhusiwa kwa mzigo huo. Joto lisibadilike zaidi ya digrii 2 wakati wa jaribio, kwa hiyo asubuhi mapema au siku ya mawingu, mchana wa jua kali usijaribu. Ikifeli hadi hapo, fungua jankshen boksi usome seli moja moja huku mzigo uko juu, mara nyingi ni moja tu ndo inatembea wakati nyingine tano zimetulia. Ukiibadilisha hiyo, kona zinaanza upya, na linieriti nayo inaanza upya, kwa hiyo usiruhusu malori ya mawe yaondoke kabla hujafika hapo.