Kabla ya kwenda kumwona nyanya, hesabu siku nne

Kisumu mtu akipiga chafya husema ana homa, na neno hilo moja hubeba mafua, influenza na hata malaria. Kama Jumamosi unapanda matatu kwenda Siaya kwa nyanya mwenye miaka 70 na pumu, ulizia kwanza yule uliyekaa naye aliugua vipi.

Mafua ya kawaida hujitokeza siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa, pengine hata baada ya nusu siku. Koo huwasha, kisha kamasi huja polepole. Influenza huchukua siku 1 hadi 4, mara nyingi 2, na humwangusha mtu ghafla: asubuhi yuko dukani, jioni anatetemeka na viungo vyote vinamuuma. Kwa kuwa siku zenyewe zinapishana, usiamue kwa kalenda peke yake. Angalia ugonjwa ulivyoanza.

Tuseme Jumatatu ulishinda na mwenzako kazini, na Jumanne akaangushwa na joto kali. Usijifariji kwamba Jumatatu alikuwa mzima, maana mwenye influenza huweza kuambukiza tangu siku moja kabla ya dalili. Jumatatu iwe sifuri, Jumanne ya kwanza, na Ijumaa ya nne. Ukiifikisha Ijumaa usiku bila dalili, hatari ya safari ya Jumamosi ni ndogo. Lakini kwenda Jumatano kwa sababu unajisikia vizuri ni hatari, kwani huenda dalili zikaanza Alhamisi, na Jumatano hiyo tayari unaambukiza.

Zikianza Alhamisi, ahirisha hadi Jumamosi ya wiki inayofuata. Influenza huambukiza zaidi siku 3 au 4 za mwanzo, na kwa kawaida huendelea hadi siku 5 hadi 7. Watoto wadogo huweza kuzidisha, kwa hiyo usimtume mtoto mahali pako. Kurudi kazini ni mapema zaidi: subiri saa 24 kamili bila joto na dalili zikiwa zinapungua, kisha vaa barakoa siku 5. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanameza paracetamoli saa moja asubuhi, kipimajoto kinasoma 37, wanaondoka. Joto limefichwa tu. Saa zinahesabiwa tangu liliposhuka bila dawa.

Kwa mafua ya kawaida, siku 2 au 3 za mwanzo za dalili ndizo mbaya zaidi, lakini pumu ya nyanya huweza kuchokozwa hata na hayo. Ngoja kamasi ipungue.

Na kwa kuwa tuko kando ya ziwa, joto lolote lipimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama mwenzako ana influenza. Malaria huchukua takriban siku 7 au zaidi tangu kuumwa na mbu, kwa hiyo joto la Alhamisi huenda ni la mbu wa wiki iliyopita. Nyanya naye akianza joto na kikohozi baada ya kukutana na mgonjwa, afikishwe hospitali haraka: dawa za influenza hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili ya kwanza.