Jinsi ya kuomba msamaha wa tozo ya hifadhi katika Bandari ya Dar es Salaam

Kontena likikaa bandarini baada ya siku za bure kuisha, tozo ya hifadhi inaanza kuhesabiwa kila siku, na kiwango hupanda kadiri siku zinavyosogea. Kama sababu ya kukaa haikutoka kwako, una haki ya kuomba usamehewe siku hizo. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu mwagizaji anaandika "naomba msamaha kutokana na ucheleweshaji uliojitokeza" na kuishia hapo. Afisa anayesoma hawezi kusamehe ucheleweshaji wa jumla. Anachoweza kusamehe ni siku zenye tarehe, sababu na karatasi.

Anza na ankara. Soma juu kabisa imetolewa na nani, maana mzigo mmoja unaweza kukuletea madeni ya watu tofauti. Kuna hifadhi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA. Kuna ya mwendeshaji wa gati, kwa kuwa kwa mkataba wa Oktoba 2023 gati namba 4 hadi 7 ziko mikononi mwa DP World, na gati nyingine za makontena zina mwendeshaji mwingine. Kuna ya bandari kavu, kama kontena lilihamishiwa huko. Na kuna tozo ya kampuni ya meli kwa kuchelewa kurudisha kontena lake, ambayo si hifadhi na TPA haiwezi kuigusa. Barua inakwenda kwa aliyetoa ankara. Ukiipeleka kwingine utarudishiwa, na siku zinaendelea kuhesabiwa.

Kisha kaa na wakala wako wa forodha mwandike kalenda ya mzigo siku kwa siku: meli ilimaliza kushusha lini, kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, iliingizwa lini kwenye mfumo, kodi ililipwa lini, ukaguzi uliitishwa na kufanyika lini, hati ya kutolea mzigo ilitoka lini, lori liliingia getini lini. Pembeni mwa kila siku andika ilikuwa mikononi mwa nani.

Tuchukue mfano wa kontena la futi 40 la vigae, tukiweka siku za bure kuwa 5 ili hesabu iwe nyepesi; zako ziangalie kwenye kitabu cha tozo au kwenye ankara yenyewe. Kontena limeshushwa tarehe 3 Machi, kwa hiyo siku za bure ni tarehe 4 hadi 8. Kodi imelipwa tarehe 5. Tarehe 6 forodha wakaagiza mzigo ukaguliwe kwa kufunguliwa, na wakala akaomba siku hiyo hiyo kontena lisogezwe eneo la ukaguzi. Mtambo wa kubeba makontena ukawa umeharibika. Kontena lilisogezwa na kukaguliwa tarehe 13, likaruhusiwa tarehe 14, lakini lori la mwenye mzigo lilikuja tarehe 16. Ankara inadai siku 8, yaani tarehe 9 hadi 16.

Siku ambazo mzigo ulikwama kwa mtambo ni tarehe 7 hadi 12, jumla 6. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Afisa anaweza kusema tarehe 7 na 8 zilikuwa za bure hata hivyo, hivyo akafuta tarehe 9 hadi 12 tu na kukuachia siku 4 za kulipa. Usiombe "kufutiwa siku 4". Omba hesabu ya siku za bure isimame kuanzia tarehe 7 hadi 12 na iendelee tarehe 13. Ulikuwa umetumia tatu, zimebaki mbili; zinaangukia tarehe 13 na 14. Zinazobaki za kulipa ni tarehe 15 na 16, ambazo kweli ni za lori lako, na zitatozwa kwa kiwango cha chini cha mwanzo.

Siku hizo mbili zikubali waziwazi ndani ya barua. Mwombaji anayekubali zilizo zake anaaminika kwa zile anazozikataa, na afisa anapata pa kuweka saini bila kuogopa mkaguzi wa hesabu.

Ushahidi kusanya wakati tatizo linaendelea, si baada ya kutoa mzigo. Siku mtambo unapoharibika, mwambie wakala atume barua pepe kwa ofisi ya shughuli za gati akitaja namba ya kontena na kuomba majibu. Hata wasipojibu, barua pepe hiyo ina tarehe na saa. Mfumo wa forodha wa TANCIS ukisimama, hifadhi picha ya skrini na tangazo lolote la TRA. Sampuli ikichukuliwa na TBS, tunza fomu ya siku ilipochukuliwa na cheti cha siku majibu yalipotoka. Kinachobeba uzito kuliko vyote ni barua fupi kutoka ofisi iliyochelewesha, inayothibitisha tarehe. Iombe mapema, maana baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka.

Kukosa fedha ya kodi, benki kuchelewa kuachia hati ya shehena, au wakala kukosea kadhia ni mambo ya upande wako. Mgogoro wa thamani na forodha uko katikati: kama mwishoni walikubali thamani uliyoitaja tangu mwanzo, ambatisha uamuzi huo na udai siku zile. Kama walikupandishia na ukalipa, usizitaje.

Barua iandikwe na mwenye mzigo, yule ambaye jina lake liko kwenye hati ya shehena, na kama ankara ni ya TPA, iende kwa Mkurugenzi Mkuu wa TPA kupitia mkuu wa bandari husika. Wakala akiiwasilisha, abebe barua ya kumwidhinisha. Kiini chake kiwe kifupi:

"YAH: MAOMBI YA MSAMAHA WA TOZO YA HIFADHI, KONTENA NAMBA … ANKARA NAMBA …
Kontena tajwa lilichelewa kukaguliwa kuanzia tarehe 7 hadi 12 Machi kutokana na kuharibika kwa mtambo, kama inavyothibitishwa na kiambatisho A na B. Tunaomba siku hizo 6 zisihesabiwe katika siku za bure wala za tozo. Siku za tarehe 15 na 16 tunakubali kuzilipa."

Ambatisha kalenda, hati ya shehena, kadhia, risiti ya kodi, ankara na ushahidi. Peleka nakala mbili masjala na urudi na moja yenye muhuri wa kupokelewa.

Usiache mzigo ndani ukisubiri majibu. Siku za kusubiri barua yako zinahesabiwa kuwa zako, na hakuna atakayezisamehe. Wasilisha maombi mara tu unapopata ankara ya awali. Majibu yakichelewa, piga hesabu: kama siku chache zaidi zitakula kile unachotarajia kusamehewa, lipa, toa mzigo, na uandike siku hiyo hiyo kwamba umelipa huku ukiendelea na maombi na unataka urejeshewe. Kurudishiwa fedha ni kugumu kuliko kusamehewa kabla ya kulipa, lakini bila barua hiyo hakuna hata pa kuanzia. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka kadhia iingizwe ndani ya siku 21, na maombi ya msamaha hayasimamishi saa hiyo.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na jibu hoja hiyo tu kwa karatasi mpya, badala ya kurudia barua ileile. Ukikaliwa kimya au ukiona umeonewa, peleka malalamiko TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya 2017, ambalo ndilo mdhibiti wa huduma za bandari na bandari kavu. Watakachotaka kuona kwanza ni ile nakala yako yenye muhuri wa masjala.